Panda Kumi, Shuka Kumi: Kwa Nini Bei Hairudi Ilipoanzia

Soko la Hisa la Nairobi lina kanuni ya kuzuia bei zisiyumbe kupita kiasi. Katika siku ya kawaida ya biashara, bei ya hisa hairuhusiwi kupanda wala kushuka kwa zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na bei ya siku iliyotangulia. Ikifika kwenye kikomo hicho, haiwezi kukipita mpaka siku ya pili. Kwa mtazamo wa haraka kanuni hiyo inawatendea sawa wanaotaka bei ipande na wanaotaka ishuke, kwa kuwa kila upande umepewa kumi.

Chukua hisa iliyofunga Ijumaa kwa shilingi 20. Jumatatu wanunuzi wanaigombania na bei inapanda hadi kikomo cha juu, shilingi 22. Jumanne habari zinageuka, wenye hisa wanakimbilia kuuza, na bei inashuka hadi kikomo cha chini. Mtu mwenye hisa 1,000 alikuwa na mali ya shilingi 20,000 siku ya Ijumaa, na Jumatatu ikawa 22,000. Jumanne jioni anaposikia kwamba kumi iliyopanda imeshuka, anaamini amerudi alipokuwa. Akitazama hesabu yake anakuta shilingi 19,800.

Shilingi 200 zimepungua, na hakuna aliyemtoza. Si ada ya dalali, si kodi, wala si kosa la kompyuta ya soko. Chanzo chake ni swali ambalo watu wengi hawaliulizi wanaposikia asilimia: asilimia 10 ya nini?

Jumatatu ilikuwa asilimia 10 ya shilingi 20, yaani shilingi 2. Jumanne ilikuwa asilimia 10 ya shilingi 22, yaani shilingi 2 na senti 20. Maneno ni yaleyale, "asilimia kumi", lakini kiasi kilichokatwa ni kikubwa kuliko kilichoongezwa, kwa sababu kilikatwa kutoka kwenye bei iliyokwisha kukua. Asilimia haina ukubwa wake yenyewe. Inaazima ukubwa kutoka kwenye kitu inachopimiwa, na hapa kitu hicho kilibadilika kati ya Jumatatu na Jumanne.

Wapo watakaodhani kwamba kinyume chake kitaleta faida. Bei ikianza kwa kushuka, wanasema, si itapanda baadaye kutoka chini na kupita ilipoanzia? Hapana. Shilingi 20 ikishuka kwa asilimia 10 inakuwa 18. Asilimia 10 ya 18 ni shilingi 1 na senti 80, kwa hiyo bei inarudi hadi 19.80, palepale ilipofikia safari ya kwanza. Safari hii kilichokatwa ni asilimia ya bei kubwa na kilichoongezwa ni asilimia ya bei ndogo, hivyo nyongeza haitoshi kuziba pengo.

Kiwanja cha mraba kinaonyesha vizuri jambo hili. Kina mita 10 kwa mita 10, yaani mita za mraba 100. Urefu unaongezwa kwa asilimia 10 na kuwa mita 11. Kipande kilichoongezeka kina upana wa mita 1 na urefu wa mita 10, kwa hiyo ni mita za mraba 10. Kisha upande wa pili unapunguzwa kwa asilimia 10, kutoka mita 10 hadi 9. Kipande kinachokatwa nacho kina upana wa mita 1, ila sasa kinakwenda na urefu mpya wa mita 11, kwa hiyo ni mita za mraba 11. Zimeingia 10, zimetoka 11, na kiwanja kimebaki na 99. Ukianza kukata kabla ya kuongeza, bado utaishia na 11 kwa 9.

Hasara ya asilimia 1 inaweza kuonekana ndogo, na kwa mabadiliko madogo kweli ni ndogo. Bei ikipanda kwa asilimia 1 na kushuka kwa asilimia 1, kinachopotea kutoka kwenye kila shilingi 10,000 ni shilingi moja tu. Lakini hasara haikui kwa mwendo uleule wa mabadiliko. Kwa asilimia 10 inapotea shilingi 100 katika kila 10,000. Kwa asilimia 20 zinapotea 400, na kwa asilimia 50 zinapotea 2,500, yaani robo nzima ya mali. Mabadiliko yakiongezeka maradufu, hasara inaongezeka mara nne.

Vilevile hasara ndogo zikirudiwa hulundikana. Ile hisa ya shilingi 20 ikipanda na kushuka kwa asilimia 10 mara kumi mfululizo, haitafika mwisho ikiwa 19.80. Itakuwa imebaki karibu shilingi 18 na senti 9, kwa sababu kila mzunguko unaanzia mahali ambapo uliopita umeacha. Hapo ndipo wastani unapoweza kumpotosha mtu. Mwenye hisa akijumlisha asilimia zote za siku hizo 20 na kuzigawa, anapata sifuri kamili, na karatasi inaweza kuandikwa bila uongo wowote kwamba wastani wa mabadiliko ya kila siku ulikuwa asilimia sifuri. Hata hivyo karibu sehemu moja ya kumi ya mali yake imekwenda. Asilimia zinazofuatana hazijumlishwi. Bei huzidishwa kwa kila badiliko kwa zamu: kwa 1.10 inapopanda, kwa 0.90 inaposhuka. Na 1.10 mara 0.90 ni 0.99.

Basi inahitajika nyongeza gani ili bei iliyoshuka irudi ilipokuwa? Kuna njia ya kupata jibu bila kikokotoo, nayo ni kufikiri kwa sehemu. Kitu kikipoteza sehemu moja kati ya kumi, zimebaki tisa, na kile kilichopotea ni sawa na moja ya hizo tisa. Kwa hiyo hasara ya moja ya kumi hurudishwa na nyongeza ya moja ya tisa, ambayo ni asilimia 11 na kidogo. Hasara ya robo hurudishwa na nyongeza ya theluthi. Hasara ya nusu inahitaji nyongeza ya asilimia 100, kwa kuwa kilichobaki lazima kijizae chote.

Wakenya walionunua hisa za Safaricom wameyaona haya kwa pesa zao. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza kwa umma hisa za kampuni hiyo kwa shilingi 5 kila moja, na watu wengi walinunua hisa kwa mara ya kwanza maishani. Mwaka uliofuata bei ilikuwa imewahi kushuka chini ya shilingi 3. Kutoka 5 hadi 3 ni kushuka kwa asilimia 40. Ila kutoka 3 kurudi 5 kulihitaji kupanda kwa karibu asilimia 67. Mwenye hisa ambaye angesikia kwamba bei imepanda kwa asilimia 40 kutoka hapo na kufurahia kwamba hasara imefutika, angekuwa bado na hisa ya shilingi 4 na senti 20.

Baadaye hisa hiyo ilikua sana, na mwaka 2021 ilivuka shilingi 40. Kufikia mwisho wa 2023 ilikuwa chini ya 15. Ukihesabu kutoka 40 hadi 15, ni kushuka kwa asilimia 62 na nusu. Nyongeza ya asilimia hiyohiyo ingeifikisha hisa ya shilingi 15 kwenye shilingi 24 na senti 38 tu. Kurudi 40 kunahitaji zaidi ya asilimia 166.

Mfano mmoja mashuhuri katika historia ya masoko ya hisa ni wa New York. Kipimo cha Dow Jones, kinachofuatilia bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, kilifunga kwa 381.17 tarehe 3 Septemba 1929. Tarehe 8 Julai 1932 kilikuwa 41.22, yaani kilikuwa kimepoteza karibu asilimia 89. Ili kurudi, kilipaswa kupanda kwa zaidi ya asilimia 800. Katika miaka iliyofuata magazeti yaliweza kutangaza ongezeko kubwa la asilimia, na lote likawa kweli, lakini kiwango cha 1929 hakikupitwa mpaka Novemba 1954. Ndiyo maana mwenye mali anayeambiwa kwamba soko limepanda kwa asilimia nyingi mwaka huu hufaidika zaidi kwa kuuliza bei mbili: iliyokuwapo aliponunua na iliyopo leo.

Hesabu hii haiko kwenye masoko ya hisa peke yake. Wenye maduka hukutana nayo kwenye Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo Kenya hutozwa kwa asilimia 16. Bidhaa ya shilingi 1,000 ikiongezewa kodi inauzwa 1,160. Muuzaji anayetaka kujua kodi iliyo ndani ya bei hiyo akichukua asilimia 16 ya 1,160 anapata 185.60, na anadhani mali yake ilikuwa ya shilingi 974.40. Amejikata shilingi 25 na senti 60 zake mwenyewe. Kodi ilipimwa kwenye 1,000, si kwenye 1,160. Njia sahihi ni kugawa 1,160 kwa 1.16, na hapo 1,000 inarudi kamili.

Kodi hiyohiyo inaonyesha pia ni wakati gani kupanda na kushuka hufutana kabisa. Aprili 2020, kwa ajili ya janga la korona, Kenya iliishusha kutoka asilimia 16 hadi 14, na Januari 2021 ikairudisha 16. Bidhaa yenye thamani ya shilingi 1,000 kabla ya kodi ilitoka 1,160 ikaenda 1,140, kisha ikarudi 1,160 bila kupotea senti, kwa sababu mara zote kodi ilipimwa kwenye 1,000 ileile. Lakini mnunuzi anayelinganisha bei za dukani peke yake ataona kwamba iliposhuka, ilishuka kwa asilimia 1.72, na iliporudi, ilipanda kwa asilimia 1.75. Shilingi ni 20 kwa 20, ila mara ya kwanza zimepimwa kwa 1,160 na mara ya pili kwa 1,140.