Yai Lina Umri wa Mwenyewe

Mwanamke wa miaka 38 anaweza kuona hedhi kila baada ya siku 28, asiumwe na chochote, na shoga zake wakamwambia anaonekana wa miaka 30. Ovari hazisikii sifa hizo. Mayai yake yaliumbwa angali tumboni mwa mama yake, kwa hiyo yai linalopevuka mwezi huu limesubiri miaka 38 na ushei.

Wengi hudhani shida ni mayai kuisha. Kweli hupungua: mtoto wa kike huzaliwa nayo kati ya milioni 1 na 2, na akifika miaka 37 hubaki kama 25,000. Lakini mimba huhitaji yai moja tu, na swali ni kama hilo moja ni zima.

Yai changa lina kromosomu 46, zinazobeba vinasaba, zikiwa jozi jozi. Linapopevuka hutoa nusu, libaki na 23 za kuungana na 23 za baba. Protini zinazozishikilia zimekuwapo tangu yai lilipoumbwa, nazo hulegea na miaka kama gundi ya kitabu cha zamani. Wakati wa kugawana, kromosomu moja huenda upande usio wake, na yai likabaki na 22 au 24. Mimba nyingi za mayai hayo hazijishikizi, au hutoka mapema. Mama huona tu hedhi imechelewa siku chache, kisha imekuja nzito. Chache huendelea, na hapo ndipo watoto wengi wenye sindromu ya Down hutokea.

Katika miaka 38, karibu nusu ya viinitete huwa na hitilafu hiyo. Mwanamke wa miaka 30 ana nafasi ya takriban 20 katika 100 ya kushika mimba kila mwezi. Wa miaka 40, chini ya 5. Huyu wetu yuko katikati.

Siku hizi wengi hukimbilia kipimo cha damu cha AMH, wakarudi nyumbani wakilia au wakijipongeza. Kipimo hicho hukadiria idadi ya mayai, hakisemi lolote kuhusu uzima wake. Majibu ya juu hayamrudishi wa 38 kwenye 28. Hata kupandikiza mimba maabara hakutengenezi yai. Hukusanya mengi kwa mkupuo ili lipatikane zima. Ndiyo maana mwenye miaka 43 akitumia yai la kuchangiwa na binti wa miaka 25, nafasi yake hufuata umri wa binti.

Kwa hiyo aliyevuka miaka 35 hangoji mwaka. Akijaribu miezi 6 bila mimba, aende kwa daktari wa wanawake pamoja na mumewe, naye mume apimwe mbegu mapema, maana miezi ikipotea kwa mke kupimwa peke yake, hairudi.