Chuma Huongezwa kwa Daftari, Si kwa Kalenda

Anayeanza kunyanyua vyuma hasahau siku zake za mazoezi. Anachosahau ni kilo alizonyanyua mara ya mwisho, mara ngapi, na kama leo aongeze au abaki palepale. Akikisia, atang'ang'ania uzito uleule miezi mitatu, au atajitwisha chuma asichokiweza kwa kuwa mwenzake amekibeba.

Dawa yake ni ya zamani. Mwaka 1945 Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani, alichapisha maelezo ya namna alivyorudisha nguvu za misuli ya wagonjwa wake kwa vyuma vizito. Kipimo chake kilikuwa uzito ambao mgonjwa anaweza kuunyanyua mara 10 na si zaidi. Nguvu zikipanda, na uzito unapanda. Msingi huo haujabadilika: mwili uliozoea mzigo hauna sababu ya kuongeza nguvu.

Tatizo ni ukubwa wa hatua. Katika jimu nyingi za mtaani sahani ndogo kabisa ni ya kilo 2.5, na lazima uweke moja kila upande, hivyo huwezi kuongeza chini ya kilo 5. Kwa anayebeba kilo 100 nyongeza hiyo ni ndogo. Kwa anayebeba kilo 30 ni moja ya sita ya mzigo wote, na hapo ndipo wengi hukwama. Njia ya kupita ni kupandisha kwanza idadi ya marudio, kisha uzito.

Tuseme mtu anafanya benchi Jumatatu na Alhamisi, akilala chali na kusukuma chuma kutoka kifuani. Fito ina kilo 20, na kila upande ameweka kilo 5. Anafanya seti tatu, na kila seti analenga marudio kati ya 8 na 12. Daftari lake linasomeka hivi:

```
Jtatu  30 kg: 10, 9, 8
Alh    30 kg: 11, 9, 9
Jtatu  30 kg: 11, 10, 10
Alh    30 kg: 12, 11, 10
Jtatu  30 kg: 12, 12, 11
Alh    30 kg: 12, 12, 12
Jtatu  35 kg: 9, 8, 8
```

Uzito umepanda baada tu ya seti zote tatu kufika 12. Marudio yameshuka hadi 9 na 8, na ndivyo inavyotakiwa. Sasa anaanza kupanda upya akiwa na kilo 35.

Ili namba hizi ziwe za kweli, pumziko kati ya seti liwe lilelile, dakika mbili au tatu. Ukipumzika dakika moja Jumatatu na nne Alhamisi, huwezi kujua kama umepata nguvu au umepata pumzi. Rudio ambalo rafiki alikusaidia kuinua chuma halihesabiwi.

Vikumbusho vya simu vinafuata mantiki hiyo. Cha siku ya mazoezi kijirudie kila Jumatatu na Alhamisi, tuseme saa 12 jioni, na kibebe lengo lenyewe: "Benchi 30, lengo 12-11-11". Cha siku ya kupumzika kije usiku kukuhimiza ulale mapema, kwa sababu misuli hujijenga baada ya mazoezi. Wape misuli iliyofanya kazi angalau saa 48. Cha kuongeza uzito usikipangie tarehe. Kiandike mara tu seti ya mwisho inapofika 12, ukiwa bado jimu.

Ukikosa siku moja, isogeze mbele; usifanye mazoezi mawili kwa mpigo. Marudio yakishuka mara mbili mfululizo kwa uzito uleule, angalia kwanza usingizi na chakula. Yasipopanda kwa mara tatu, rudi kwenye uzito wa chini na uanze kupanda tena. Wakati wa Ramadhani wengi wanaofunga huhamishia mazoezi baada ya futari. Mwezi huo kubaki kwenye kilo zilezile si kurudi nyuma. Misuli kuuma kesho yake ni kawaida, lakini maumivu makali ya bega au kiwiko wakati wa kusukuma ni ishara ya kuacha zoezi hilo na kumwona daktari.

Baada ya miezi kadhaa hatua zitakuwa ndefu, na kupanda kilo 5 kunaweza kuchukua wiki nyingi. Hilo lisikufanye uongeze chuma kwa hasira. Kabla hujatoka jimu, andika uzito wa siku ijayo, na ukirudi ufuate ulichoandika.