Barua iliyoandikwa na barua iliyokwisha

Anayeanza kujifunza Kirusi hupewa sentensi yenye pengo: “Vchera Anna ves vecher … pismo,” yaani jana Anna aliandika barua jioni nzima. Achague “pisala” au “napisala”?

Kiswahili chake hakimsaidii sana, kwani “aliandika” hubeba maana zote mbili. Kirusi hulazimisha uamuzi: “pisala” huonyesha kazi ikiendelea au ikirudiwa, “napisala” huonyesha imefika mwisho na barua ipo. Hapa “ves vecher”, jioni nzima, inapima muda wa kuandika tu, hivyo jibu ni “pisala”. Weka “za chas”, ndani ya saa moja, na jibu linageuka kuwa “napisala”.

Wakati ujao ndiko wengi hujikwaa. “Budu pisat” ni nitakuwa naandika; nitaandika hadi nimalize ni “napishu”, neno moja lenye viambishi vilevile vya wakati uliopo. Mwanafunzi, akiona halina alama ya wakati ujao, huongeza “budu” na kupata “budu napisat”, kosa kamili. “Budu” hufuatwa na kitenzi cha kazi isiyokamilika pekee.