Feza ya moto: namna pauni ya Misri ilianguka, na mushahara ya wafanyakazi ikaanguka nayo

Wandugu wafanyakazi wa migodi, na ninyi wamama wenye kushika feza ya nyumba, kuko ulizo moja yenye inarudia kila mara tunapozungumuzia mushahara: juu ya nini dola inaweza kulala ku bei moja na kuamuka ku ingine, na hakuna kitu kimebadilika ku kazi yetu? Watu wanasema ni makambiste wa barabarani. Lakini kambiste anafuata tu bei, haiko yeye anaitengeneza. Kwa kufahamu vizuri, tuangalie inchi moja ya Afrika kwenye jambo hili lilionekana wazi kabisa: Misri, tangu mwaka 2022 mpaka 2024.

Mwanzo wa mwaka 2022, dola moja ilikuwa karibu pauni 15.7 za Misri. Bei hiyo ilikuwa karibu haitikisike tangu zaidi ya mwaka moja. Serikali ya Misri ilikuwa na lazima ya dola nyingi kwa kununua ngano na mafuta na kwa kulipa madeni. Kwa kuzipata, ilikuwa inauzisha karatasi za deni. Mutu ananunua karatasi kwa pauni, na kisha miezi michache ao mwaka moja Serikali inamurudishia feza yake na intere. Intere ya Misri ilikuwa karibu 13 kwa mia kwa mwaka. Wakati ileile, ku Amerika benki kubwa ilikuwa inakopesha kwa intere ya karibu zero.

Sasa mutu mwenye kuwa na mlango ku mabenki makubwa ya New York ao London anaona nini? Anaona kwamba anaweza kukopa kwenye feza iko rahisi na kuipeleka kwenye inalipa sana. Biashara hiyo inaitwa keri tredi, ni kusema biashara ya kubeba feza: unaibeba toka inchi ya intere ndogo, unaitula ku inchi ya intere kubwa, na ile tofauti katikati inabakia kwako.

Tufanye hesabu. Mutu anakopa dola 1,000 kwa intere ya 1 kwa mia. Anazibadilisha ku bei ya 15.7, anapata pauni 15,700. Ananunua karatasi ya Serikali ya Misri ya mwaka moja kwa 13 kwa mia. Kisha mwaka, anapokea pauni 17,741. Kama dola ingali 15.7, anabadilisha na kupata dola 1,130. Analipa deni yake dola 1,010, na dola 120 zinabakia ku mufuko. Hakuchimba kitu, hakujenga kiwanda, hakuandika mutu ata moja kazi. Na kwa sababu feza nyingi ni ya kukopa, anaweza kufanya ile na dola milioni mia moja sawa vile na 1,000.

Lakini hesabu hiyo inasimama ku muguu moja tu: bei ya dola isitembee. Kama siku ya kutoka dola imefika pauni 18.3, zile pauni 17,741 zinampatia dola 969 tu. Deni yake ingali dola 1,010. Amepoteza dola karibu 40, hata kama Serikali imemulipa intere yote. Kwa hiyo pauni ikianguka kidogo tu, intere ya mwaka muzima inaliwa. Na kila mwenye kufanya biashara hii anajua hesabu hiyo, tena anajua kwamba wengine wanaijua. Mwenye kutoka wa kwanza anatoka ku 15.7. Mwenye kutoka wa mwisho anakuta dola zimeisha. Ndiyo maana hawatoke polepole, wanatoka wote pamoja, sawa watu wenye kusikia moshi ndani ya galeri.

Moshi ulionekana mwezi wa 2 mwaka 2022. Tarehe 24, Urusi iliingia na majeshi ndani ya Ukraine. Misri ilikuwa inanunua sehemu kubwa ya ngano yake ku inchi hizo mbili, na watalii wengi pia walikuwa wanatoka kule. Watu wakafahamu kwamba Misri itatafuta dola nyingi zaidi na kupata kidogo. Kisha, tarehe 16 mwezi wa 3, benki kuu ya Amerika ilianza kupandisha intere yake. Feza ya kukopa ikaanza kuwa bei, na kubakisha feza Amerika ikaanza kulipa. Ile tofauti katikati ikapunguka, na hatari ikazidi, wakati moja.

Feza ilitoka. Akiba ya dola ya benki kuu ya Misri, yenye ilikuwa karibu bilioni 41 mwisho wa mwezi wa 2, ilikuwa karibu bilioni 37 mwisho wa mwezi wa 3. Tarehe 21 mwezi wa 3, benki kuu iliachilia bei: kwa siku moja dola ikapanda toka 15.7 mpaka zaidi ya 18. Waziri wa feza wa wakati ule, Mohamed Maait, alisema kisha kwamba dola karibu bilioni 20 zilikuwa zimetoka, na kwamba inchi haiwezi tena kutegemea feza ya namna hiyo. Haikuwa mara ya kwanza: feza kama hiyo ilikuwa imekimbia mwaka 2018, na tena mwaka 2020 wakati wa korona. Wamisri wenyewe wanaiita feza ya moto. Inafika haraka, inaunguza mukono wa mwenye kuishika, na inaondoka haraka.

Hapa inafaa kutofautisha vitu viwili, juu watu wanavichanganya. Wageni wenye kutoka na feza yao ya keri tredi, ni mulango wa kwanza. Mulango wa pili ni raia wenyewe. Wamisri walipoona pauni imeanguka mara moja, walifahamu itaanguka tena. Mwenye duka akanunua bidhaa mapema, mwenye akiba akanunua zahabu, mwenye kuwa na dola akazificha. Wamisri wenye kutumika Saudia na inchi zingine za Ghuba wakaacha kupitisha feza ya familia ku benki, kwa sababu benki ilikuwa inawapatia bei ndogo kuliko ya barabarani. Kwa mwaka moja wa hesabu ya Serikali, feza yenye kupita ku mabenki ilishuka toka karibu dola bilioni 32 mpaka karibu bilioni 22. Huko ndiko kukimbia kwa mali kwenye kunaumiza zaidi, juu mugeni anatoka mara moja, lakini raia akipoteza imani, anatoka kila siku.

Dola ikafika pauni 30 mwanzo wa 2023. Serikali ikaishikilia pale kwa nguvu mwaka muzima, wakati barabarani bei ilikuwa inazidi kwenda mbali. Mwanzo wa 2024, dola ya barabarani ilifika karibu 70. Ku mwisho, mwezi wa 2 mwaka 2024, Misri ilifanya mapatano na Emirati kwa udongo wa pwani wa Ras el-Hekma, mapatano ya dola bilioni 35. Tarehe 6 mwezi wa 3, benki kuu ikapandisha intere yake kwa pointi 6 mara moja, mpaka 27.25 kwa mia, na kuachilia pauni. Siku ileile dola ikatoka karibu 31 na kugusa 50.

Na feza ya moto? Ilirudi. Intere ya zaidi ya 25 kwa mia, na pauni yenye ilikuwa imekwisha kuanguka, ilikuwa chakula kizuri kwao. Basi dawa yenye ilituliza pauni ndiyo ilefungua tena mulango wenye ugonjwa uliingilia.

Sasa tuangalie nani alilipa. Mwanzo wa 2022, mushahara ya chini ku masosiete ya watu binafsi ilikuwa pauni 2,400 kwa mwezi. Ku bei ya 15.7, ni dola karibu 153. Mwezi wa 5 mwaka 2024, mushahara ileile ilikuwa imepandishwa mpaka pauni 6,000. Ku karatasi ni mara mbili na nusu. Lakini dola ilikuwa karibu 48, basi ni dola 125. Mutu aliongezewa pauni 3,600 na akapoteza dola 28. Katikati ya njia, mwezi wa 9 mwaka 2023, bei za vitu zilikuwa zimepanda kwa 38 kwa mia ndani ya mwaka moja. Mwezi wa 6 mwaka 2024, mukate wa Serikali, wenye bei yake haikuwa imeguswa zaidi ya miaka 30, ulipanda toka piastre 5 mpaka 20. Wafanyakazi wa kiwanda kikubwa cha nguo cha Mahalla hawakungojea: mwezi wa 2 wa mwaka ule walisimamisha kazi, wakiomba wao pia wapewe pauni 6,000 zenye Serikali ilikuwa imeahidi wafanyakazi wake.

Kwetu Kongo, ugonjwa huo hauingie kwa mulango ileile. Karatasi za deni za Serikali yetu zinanunuliwa zaidi na mabenki ya hapa kwetu, na watu wetu wamekwisha kukimbilia dola tangu zamani. Franka yetu inatikisika zaidi kufuatana na dola za shaba na kobalti, na feza yenye Serikali inatoa. Lakini upande wa pili wa Kasumbalesa, wageni wananunua sana karatasi za deni za Zambia. Mulango wa Misri uko pale karibu, na unga mwingi wa bukari yetu unapita pale. Siku kwacha inashuka ao kupanda ghafla, bei ya mufuko inaweza kugeuka Lubumbashi bila mvua kuwa imebadilika.

Alama za kuangalia haziko siri. Intere ya inchi ikiwa kubwa sana na bei ya dola inabakia imelala muda murefu, kuko feza ya moto ndani. Bei ya benki na bei ya barabarani zikianza kuachana, raia wamekwisha kuanza kutoka. Na benki kuu ya Amerika ikipandisha intere, wenye kukopa wanaanza kuangalia mulango.

Kwa madelege wetu, somo la Misri ni moja, na linakaa ndani ya konvansio kolektive. Kuomba tarakimu kubwa haitoshe. Ile pauni 6,000 ilikuwa tarakimu kubwa. Mbele ya kutia sinyature, muulize mambo matatu: mushahara inahesabiwa kwa feza gani, inabadilishwa ku bei ya nani na ya siku gani, na bei ikitembea kwa 10 kwa mia, tunarudi ku meza kisha siku ngapi? Na pande zote mbili ziandikwe, franka ikishuka na franka ikipanda. Mwaka 2025 tuliona franka ikipanda kwa haraka: mwenye kulipwa kwa dola alipata franka kidogo, na ku soko bei haikushuka vile dola ilishuka. Wamisri walipandishiwa mushahara mara nyingi ndani ya miaka ile miwili, na kila mara bei ya dola ilikuwa imekwisha kupita mbele yao, kwa sababu hakuna mahali paliandikwa kwamba vitu viwili hivyo vitembee pamoja.