Maziwa, Damu na Rangi ya Ngozi
Sehemu ya Pili: Glasi ya Maziwa Pasiansi

Asubuhi kwenye mgahawa wa Pasiansi, marafiki wawili, Wasukuma wote, wanaagiza maziwa moto. Mmoja anamaliza glasi, anafuta mdomo na kuondoka. Mwenzake baada ya saa moja tumbo linamnguruma, linajaa gesi, na anatafuta choo.

Maziwa hayana kosa. Sukari yake, laktosi, lazima ikatwe na kimeng'enya kiitwacho laktesi ndipo iingie kwenye damu. Karibu kila mtoto mchanga anacho. Kwa watu wengi duniani hupungua baada ya kuachishwa ziwa, na laktosi isiyokatwa hushuka hadi utumbo mpana, ambako bakteria huichachua. Ndiyo maana mtindi huwasumbua kidogo: bakteria wake wameshakula sehemu ya sukari hiyo.

Kupima ni rahisi. Mtu hunywa gramu 50 za laktosi katika maji, kisha hutobolewa kidole kila baada ya dakika 20 kwa saa moja. Sukari ya damu ikipanda vizuri, laktesi ipo. Ikibaki palepale, haipo.

Hivyo ndivyo mtafiti Sarah Tishkoff na wenzake walivyowapima watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan, wakachapisha matokeo mwaka 2007. Badiliko la Ulaya lilikuwa limegunduliwa Ufini mwaka 2002: herufi moja ya DNA, 13910 kabla ya jeni ya laktesi. Kwetu hawakulikuta hilo. Walikuta jingine, kwenye herufi ya 14010, hatua 100 tu pembeni, lililoenea hasa kwa wafugaji wa Tanzania na Kenya. Walilikadiria kuwa na umri wa miaka 2,700 hadi 6,800, yaani zama ng'ombe walipokuwa wakienea huku.

Kwa hiyo Mfini na Mmasai wananywa maziwa bila shida kwa mabadiliko mawili yasiyo na undugu, huku Wachina wengi wakiumwa tumbo sawasawa na yule rafiki wa Pasiansi. Hata ng'ombe hawaelezi yote: karibu nusu ya Wahadza waliopimwa, wawindaji wasiofuga, wanamudu laktosi, na sababu bado inabishaniwa.

Damu nayo ina ramani yake. Mwaka 1919 watafiti Ludwik na Hanka Hirszfeld walitangaza vipimo vya askari wa mataifa mengi waliokusanyika Thesalonike, wakitumaini kuzigawa mbari kwa uwiano wa kundi A na B. Kipimo chao kikawaweka Wahindi na Wavietinamu mahali pamoja. Isitoshe, A, B na O zimo karibu kila taifa. Kinachotofautiana ni wingi. Ukichora mpaka kwa damu, maziwa yanauvuka.

Wiki ijayo: Dafi, alama ya damu inayofuata nyayo za malaria.