Kikomo na Kipimo: Maneno ya Kufungulia Somo la Kalkulasi

Mfululizo huu unahusu namna ya kufundisha mambo magumu ya hisabati tangu dakika zake za kwanza, na leo ni zamu ya kikomo. Vitabu vingi hukianza kwa kanuni na alama, kisha vikamwacha mwanafunzi aamini kwamba kikomo ni hila ya wanahisabati ya kukwepa kugawa kwa sifuri. Rai yangu ni kwamba mwalimu aanze na kipimo. Kila anayepima kitu kinachobadilika anatafuta kikomo, ajue asijue, na asiyekielewa kikomo hawezi kujua kipimo chake kimekosea wapi.

Hotuba ya kufungulia somo haihitaji kuwa ndefu. Mwalimu akishaingia darasani anaweza kusema hivi: “Vijana, jiwe likiachiwa lianguke, nasi tukiuweka kando upinzani wa hewa, umbali linaoshuka kwa mita ni 4.9 mara mraba wa sekunde zilizopita. Baada ya sekunde 1 limeshuka mita 4.9. Swali langu ni moja: sekunde hiyo ya kwanza inapotimia, jiwe linakwenda kwa mwendokasi gani? Mwendokasi tumezoea kuupata kwa kugawa umbali kwa muda. Lakini katika nukta moja ya wakati muda haujapita na jiwe halijasogea, na sifuri kwa sifuri haituambii kitu. Basi tupime kipande kifupi cha muda kinachoanzia hapo. Katika sehemu ya kumi ya sekunde inayofuata jiwe linashuka mita 1.029, kwa hiyo wastani wake ni mita 10.29 kwa sekunde. Tukifupisha kipande kiwe sehemu ya mia, wastani ni 9.849. Kikiwa sehemu ya elfu, ni 9.8049. Sasa tuje kutoka upande wa nyuma: sehemu ya kumi ya sekunde iliyotangulia inatoa 9.31, na sehemu ya mia iliyotangulia inatoa 9.751. Pande zote mbili zinaibana namba moja, 9.8. Leo tutajifunza kwa nini tuna haki ya kuiita hiyo mwendokasi wa jiwe, ingawa hakuna kipande chochote kati ya hivyo kilichotupa 9.8 yenyewe.”

Hotuba inaishia hapo, na uzito wote umo katika sentensi yake ya mwisho. Mwanafunzi makini atapinga papo hapo: kama hakuna kipimo kinachofika 9.8, basi 9.8 ni ya kubuni. Pingamizi hilo lina historia ya heshima. Mwaka 1734 Askofu George Berkeley aliandika kitabu kizima, *The Analyst*, kuwashutumu wafuasi wa Newton kwamba wanagawa kwa kiasi kidogo wakikichukulia kuwa si sifuri, kisha mwisho wa hesabu wanakifuta kana kwamba kilikuwa sifuri tangu mwanzo. Alikuwa na haki ya kulalamika, na jibu la kuridhisha lilichelewa. Lilianza kupata sura katika kazi ya Cauchy ya mwaka 1821, na baadaye katika karne hiyohiyo Weierstrass akalikaza.

Jibu lenyewe ni makubaliano kati ya watu wawili, na ndiyo maana linaingia vizuri katika lugha ya upimaji. Mmoja anataja kosa analoweza kulivumilia. Mwingine anamtajia kipande cha muda kinachotosha. Katika mfano wa jiwe, wastani wa kipande chochote kinachoanzia au kuishia sekunde ya kwanza unapishana na 9.8 kwa mara 4.9 ya urefu wa kipande hicho. Anayedai kosa lisizidi 0.05 apewe kipande kisichozidi sehemu ya mia ya sekunde, kwa sababu hapo kosa haliwezi kupita 0.049. Akidai 0.005, apewe sehemu ya elfu. Hata adai usahihi gani, kipo kipande cha kumjibu, na hakuna mahali popote ambapo muda umefanywa kuwa sifuri. Namba nyingine yoyote haiwezi kutimiza makubaliano hayo. Mtu akisema mwendokasi ni 9.82, mwambie hutaki kosa linalozidi 0.01: vipande vyote vilivyo vifupi kuliko sehemu ya elfu vinatoa wastani ulio karibu na 9.8 kwa chini ya 0.005, nayo 9.82 iko mbali kwa 0.02. Kwa hiyo 9.8 haikubuniwa. Ndiyo namba pekee isiyoshindwa na dai lolote la usahihi.

Pingamizi la pili linatoka kwa watu wa maabara, nami naliona zito kuliko la Berkeley. Wao husema kwamba ukifupisha muda mno, matokeo yanaharibika badala ya kunyooka. Ni kweli kabisa, na inafaa wanafunzi wajionee. Tuseme jiwe linarekodiwa kwa simu inayopiga picha 240 kwa sekunde, nyuma yake ukutani kuna utepe wa kupimia, na kila usomaji unaweza kukosea kwa sentimita 1, jambo la kawaida kwa kitu kinachopita kwa karibu mita 10 kwa sekunde na kuacha ukungu kwenye picha. Umbali unapatikana kwa kutoa usomaji mmoja kutoka mwingine, kwa hiyo kosa lake linaweza kufika sentimita 2. Kati ya picha moja na inayofuata kuna sekunde 0.0042 hivi. Gawa mita 0.02 kwa muda huo, na kosa la mwendokasi linaweza kufika mita 4.8 kwa sekunde, karibu nusu ya kile kinachopimwa! Kosa linalotokana na urefu wa kipande, kwa upande wake, ni 0.02 tu. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba kikomo ni kufupisha muda kadiri iwezekanavyo atatumia picha mbili zinazofuatana, apate upuuzi, kisha ailaumu kalkulasi.

Lakini hoja hiyo haikiangushi kikomo. Ni kikomo ndicho kinachotuwezesha kutenganisha makosa mawili yaliyochanganyika. Moja linatokana na kutumia wastani mahali pa mwendokasi wa nukta moja, nalo hupungua kipande kinapofupishwa. Jingine linatokana na utepe na macho, nalo hukua kipande kinapofupishwa. Ukiruka picha 15, yaani sekunde 0.0625, la kwanza ni kama 0.31 na la pili halizidi 0.32. Hapo yanakaribia kulingana, na jumla yake ndiyo ndogo kuliko unayoweza kuipata kwa kipande kirefu zaidi au kifupi zaidi. Bila kujua kwamba namba inayotafutwa ni kikomo cha wastani, na wala si wastani wowote uliopimwa, hesabu hiyo isingekuwa na pa kuanzia.

Mpimaji stadi ataongeza kwamba afadhali kuchukua picha zilizo umbali sawa kabla na baada ya sekunde ya kwanza. Yuko sahihi: kwa jiwe linaloongeza mwendokasi kwa kiwango kisichobadilika, makosa ya pande mbili yanafutana na wastani unakuwa 9.8 kamili, kwa kipande cha urefu wowote. Njia hiyo inafaa sana, ila isimdanganye mtu kwamba kikomo hakihitajiki. Angusha mpira mwepesi badala ya jiwe, hewa ianze kuuzuia, na kule kufutana hakukamiliki tena.

Kwa kuwa darasani hakuna wa kumnong'onezea mwanafunzi kwamba jibu ni 9.8, lazima awe na njia ya kutambua kosa lipi linatawala. Arudie hesabu kutoka video ileile, akitumia vipande vinavyoanzia sekunde ya kwanza na kupunguza urefu kwa nusu kila mara: picha 60, kisha 30, kisha 15, kisha 7 au 8. Majibu yakisogea upande mmoja, kila hatua ikiwa karibu nusu ya iliyotangulia, urefu wa kipande ndio unaosababisha kosa, na inafaa kuendelea kufupisha. Yakianza kuruka juu na chini bila mpangilio, kosa ni la utepe na picha. Hapo asimame, arudi kwenye kipande cha mwisho kilichokuwa bado na utaratibu, na pembeni ya jibu lake aandike ni kwa kiasi gani linaweza kukosea.