Povu la birika na povu la sinki

Jikoni kwetu kuna ushauri mmoja unaotolewa kwa kila uchafu: tia magadi, mimina siki, acha litoe povu, kisha suuza. Povu linaonekana, linasikika, na mtu huridhika kwamba kazi inafanyika. Kwenye birika la umeme lenye ukoko mweupe, povu ni dalili nzuri kweli. Kwenye sinki linalopitisha maji polepole, povu hilo hilo ni siki na magadi vinavyomalizana vyenyewe kwa vyenyewe, na mafuta yaliyoziba bomba hayaguswi.

Tuanze na birika, maana ndilo linalofundisha kusoma povu.

Maji ya visima vya Unguja, Mombasa na sehemu kubwa za pwani hupita kwenye mawe ya matumbawe, na mawe hayo karibu yote ni chokaa. Maji yenye hewa ya ukaa ndani yake huyeyusha chokaa kidogo kidogo na kuibeba bila kuonekana. Ukiyachemsha, ile hewa hutoka, na chokaa iliyokuwa imeyeyuka haina tena kinachoishikilia. Huganda, hasa chini ya birika ambako moto ni mkali zaidi. Ukoko huo si sumu. Ubaya wake ni kwamba hukaa kati ya chuma chenye moto na maji, hivyo birika huchelewa kuchemka na kula umeme zaidi, na vipande vyake huishia kwenye kikombe cha chai. Mtungi wa kuchuja uchafu hauusaidii, kwa sababu chokaa imeyeyuka ndani ya maji na inapita pamoja nayo.

Chokaa inaondoka kwa kitu kichachu. Chukua siki nyeupe ya kawaida, changanya na maji kiasi sawa kwa sawa, mimina hadi ukoko wote ufunikwe. Washa birika mpaka mchanganyiko uwe wa moto bila kufika kuchemka, kwa sababu siki ikichemka hufurika na mvuke wake unachoma macho. Chomoa waya kwenye umeme, uache mchanganyiko humo kwa nusu saa hadi saa moja. Asiyependa harufu ya siki atumie ndimu ya unga, kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja ya maji, au juisi ya ndimu nne au tano kwa nusu lita.

Sasa angalia ndani. Vipovu vidogo vinapanda kwa mistari myembamba kutoka kwenye ukoko, na ukitega sikio unasikia mchachato mdogo. Kingo za ukoko zinaanza kuinuka kama maganda ya vitunguu. Hiyo ni chokaa ikigeuka kuwa kitu kinachoyeyuka, na hewa ya ukaa ikitoka. Vipovu vikikoma na chuma kinang'aa, umemaliza. Vikikoma na ukoko bado upo, siki yako imekwisha nguvu. Kikombe kimoja cha siki, yaani robo lita, kina nguvu ya kuyeyusha takriban gramu 10 tu za chokaa, kwa hiyo birika lililosahauliwa muda mrefu linahitaji kumwagwa na kutiwa siki mpya. Usiparue kwa uzi wa chuma, kwani mikwaruzo ndiyo ukoko mpya unakoshika kwa urahisi. Na birika la alumini la mkaani lisikae na siki muda mrefu, maana siki huila alumini yenyewe. Mwisho suuza, chemsha maji safi, yamwage, na rudia mara moja kama harufu bado ipo.

Turudi kwenye sinki. Humo hakuna chokaa ya kuyeyusha. Kuna mafuta ya nyama, tui la nazi, majani ya chai na punje za wali. Mafuta ya ng'ombe na mbuzi huyeyuka kati ya nyuzi joto 40 na 50 hivi, basi yanapita yakiwa ya moto na kuganda mara tu yanapokutana na bomba la baridi. Juu yake vinanata vingine vyote. Mafuta hayashindwi na siki. Yanashindwa na joto, sabuni na magadi, na magadi hayana nguvu yakishatiwa siki.

Kwanza hakikisha kizuizi kiko wapi. Fungua bomba la bafuni. Kama huko pia maji yanasita, au kama chemba ya nje imejaa, tatizo liko mbali na jiko na hakuna dawa ya kabatini itakayolifikia. Kama ni sinki peke yake, endelea.

Chukua nyumba iliyopika pilau ya mbuzi kwa wageni. Sufuria zikaoshwa usiku, na asubuhi maji ya sinki yanachukua dakika kadhaa kushuka. Chota maji yaliyosimama kwa kikombe. Weka vijiko vinne vya magadi ya kupikia makande katika lita moja ya maji ya moto, koroga, mimina, na acha robo saa. Vaa glavu, kwa sababu magadi hukausha na kuwasha ngozi. Maji yasiwe yanayotokota: mabomba ya plastiki hulegea joto likikaribia nyuzi 80, na viungo vyake huanza kuvuja. Ukichanganya yaliyochemka na ya bomba nusu kwa nusu unapata nyuzi 60 na kitu, na hiyo inatosha kabisa kwa mafuta ya mbuzi. Fuatisha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kisha lita kadhaa za maji ya moto ya namna hiyo hiyo. Usikate njiani, la sivyo mafuta yaliyoyeyuka yataganda tena mbele, mahali usipoweza kufika.

Maji yakiendelea kusita, tumia pampu ya mpira. Jaza sinki kidogo ili mdomo wa mpira uzame, ziba kwa kitambaa chenye maji tundu la pembeni la kuzuia maji yasifurike (na sinki la pili kama lipo), kisha sukuma na kuvuta. Nguvu iko zaidi kwenye kuvuta. Wengi husahau lile tundu, hewa ikatokea humo, na wakaamini pampu haifai.

Hatua ya mwisho ndiyo inayomaliza kesi nyingi. Chini ya sinki kuna mkunjo wa bomba, au kikombe cha plastiki, ambao daima hubaki na maji ili kuzuia harufu na mende. Uchafu mzito hutua hapo. Weka ndoo chini, legeza kokwa za plastiki kwa mkono kinyume cha saa, toa tope kwa mswaki mkuukuu, na tazama kila mpira ulikuwa upande gani. Usifungue kabisa kama mtu alimwaga dawa kali ya kuzibulia humo. Itakumwagikia mikononi na usoni. Pia usichanganye siki na jiki popote, sinki au birika, kwani hutoa gesi ya klorini inayoumiza mapafu.

Rudisha mkunjo, kaza kwa mkono pekee, fungua maji kwa nguvu, kisha pitisha karatasi kavu ya chooni kuzunguka kila kiungo. Ikilowa mahali, legeza hapo, nyoosha mpira uliojikunja, ukaze tena.